Taima ya taa za ngazi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Wenye nyumba za ghorofa wameniandikia lalamiko moja: taima ilizima taa vizuri miezi michache, sasa taa za ngazini zinawaka mpaka asubuhi na LUKU inakatika. Fundi anazungusha kitufe cha dakika, wapi!

Kitufe hakina kosa. Kontakti za ndani, vile vyuma vinavyogusana ili kuwasha taa, zimegandana. Zima sakiti breka, hakikisha kwa testa kwamba hakuna umeme, chomoa waya unaokwenda kwenye taa, kisha pima kwa mita kati ya njia inayoingia na inayotoka. Ikilia, zimeungana na hazitaachia.

Chukua nyumba ya ghorofa nne yenye balbu nane za LED za wati 9. Jumla ni wati 72, yaani kama ampea 0.3 kwa volti 230. Taima imeandikwa 16A, sasa inaungua vipi? Hizo 16 ni za mzigo kama hita. Balbu ya LED ina kapasita, na inapowashwa hunyonya umeme mwingi kwa chini ya sekunde moja ya elfu. Zikiwaka nane kwa pamoja, mfyonzo huo unafika makumi ya ampea, cheche inayeyusha uso wa kontakti, na siku moja zinashikana. Kwa hiyo usiulize ampea. Uliza wati za LED zilizoandikwa ubavuni au kwenye karatasi yake.

Mimi nachagua Finder 14.01, na sifichi. Inafunga kontakti pale volti zinapopita sifuri, hivyo kapasita hazishtuki. Muda unapangwa kuanzia sekunde 30 hadi dakika 20. Kwa ngazi za ghorofa nne weka dakika 3. Kabla ya kuzima inaweza kupepesa taa, ili mama aliyebeba ndoo asiachwe gizani katikati ya ngazi. Inakaa kwenye reli ya DB, lile boksi la breka, na inakubali nyaya tatu au nne, hivyo swichi za kubonyeza zilizopo huenda zikabaki zilivyo.

Ya pili ni Hager EMN005, ambayo nayo hutoa tahadhari kabla ya kuzima. EMN001 ni ndugu yake asiye na tahadhari. Ipeleke kwenye korido fupi.

Za bei ya chini zisizo na wati za LED popote: achana nazo.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Unaomba taima ya ngazi Kariakoo, unapewa taima ya saa 24 ya kuwashia bango, au rilei ya kuchelewesha mota, na unaambiwa "zote sawa tu". Haziko sawa hata kidogo! Taima ya ngazi huanza kuhesabu ukibonyeza swichi na hujizima yenyewe. Wengine huondoa karatasi iliyo ndani ya boksi, ile ile yenye wati za LED na mchoro wa nyaya, halafu wanataka bei ya boksi zima. Karatasi isipokuwepo, usilipe.