Chati ya uainishaji wa wanyama: uzoefu wangu baada ya kuibandika sebuleni

Chati hii niliinunua shilingi 8,000 kwenye duka la vifaa vya shule karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma, kwa ajili ya mpwa wangu aliyeanza kidato cha kwanza. Imefunikwa nailoni, hivyo vumbi letu la kiangazi linafutika kwa kitambaa chenye maji na maandishi yanabaki. Picha zinaonekana vizuri hata ukiwa umekaa kwenye kochi la mbali. Kwa hayo sina neno. Ninachotaka kueleza ni yale yaliyoandikwa ndani, maana ndiyo tunayolipia.

Sehemu nzuri kuliko zote ni safu ya katikati, inayomshusha mnyama mmoja ngazi kwa ngazi. Wamemchagua kobe wa nchi kavu mwenye madoa, tunayemwona sana mvua zikianza. Himaya ni Animalia, faila Kodata, ngeli Reptilia, oda Testudines, familia Testudinidae, jenasi Stigmochelys, na spishi yenyewe Stigmochelys pardalis. Kila ukishuka, kundi linapungua na waliobaki wanazidi kufanana. Kwenye Kodata kobe yuko pamoja na samaki, kuku na sisi wanadamu. Ukifika Reptilia wamebaki mijusi, nyoka, mamba na jamaa zao, na kwenye Testudines ni kobe na kasa peke yao.

Mpwa wangu akaitazama, akauliza: "Mjomba, mbona konokono hawajamweka hapa? Si naye ana gamba?"

Swali zuri sana, na chati hailijibu. Jibu tulilipata shambani Chamwino, tulipokuta gamba tupu la kobe kati ya mawe. Ukiligeuza na kuchungulia ndani, unaona pingili za uti wa mgongo zimejipanga mstari mmoja katikati ya dari, na mbavu zimetanuka huku na huku hadi zikawa ukuta wa gamba lenyewe. Yaani gamba la kobe ni mifupa yake, iliyovikwa kwa juu vigae vya kitu kilekile kinachotengeneza kucha. Ndiyo sababu kobe hawezi kutoka kwenye gamba lake akabaki hai. La konokono ni chokaa inayotolewa na ngozi yake laini, na huongezwa kwenye ukingo wa mdomo wa gamba kadiri anavyokua. Chukua gamba tupu la konokono ulivunje: hakuna pingili, hakuna ubavu. Yeye ni wa faila Moluska, ngeli Gastropoda, na ndugu yake wa karibu ni pweza kuliko kobe. Wawili hawa wapo himaya moja, wakaachana kwenye faila. Kobe amerudi kwa kuku na chura kwa sababu ya mfupa ule wa mgongoni.

Sasa kasoro, na hii ni kubwa. Chini tu ya himaya, chati imechora matawi mawili yanayolingana: wenye uti wa mgongo kushoto, wasio nao kulia, kana kwamba ni ngazi nyingine kati ya himaya na faila. Sivyo. Wenye uti wa mgongo ni sehemu ya faila moja tu, Kodata. Upande wa pili umebeba mafaila zaidi ya 30, kuanzia sponji na minyoo hadi wadudu na nge, na zaidi ya asilimia 95 ya spishi zote za wanyama. Nzige na konokono wamewekwa pamoja kwa kile wasichokuwa nacho, wala si kwa undugu. Mgawanyo huo unafaa kwa kuanzia kumtambua mnyama uliyemshika mkononi, lakini ukoo haufuatwi hivyo.

Tena wameandika "Kodata" na "wenye uti wa mgongo" kama kitu kimoja. Amfioksi, mnyama mdogo wa baharini mwenye umbo la kisamaki, ni Kodata kamili na hana pingili hata moja. Ana notokodi tu, ufito laini unaopita mgongoni. Kwa hiyo yeye yuko Kodata na bado ni miongoni mwa wasio na uti wa mgongo.

Kosa la mwisho ni la uandishi. Wamechapa "Pardalis" kwa herufi kubwa. Jina la jenasi ndilo huanza na herufi kubwa, la spishi huanza na ndogo, na mwanafunzi anayeandika kwa mkono hupigia mstari kila neno peke yake.

Nimesahihisha yote matatu kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya nailoni, na matawi yale mawili nimeyakata nikachora wenye uti wa mgongo ndani ya Kodata. Kwa safu ya kobe peke yake, naipa nyota tatu kati ya tano. Ukiwa na mtoto anayesoma bila mtu wa kumwelekeza, subiri toleo lililosahihishwa.