Maziwa ya mtoto mchanga: soma mstari wa protini kabla ya bei

Kwenye duka moja la Ngamiani, Tanga, kopo la maziwa ya watoto wachanga limekaa bega kwa bega na maziwa ya unga ya kawaida ya ng'ombe, yale ya chai. La pili ni rahisi zaidi, na wateja hulichukua wakidhani maziwa ni maziwa. Nishati haitakuonyesha tofauti: mililita 100 za maziwa ya mama zina kilokalori kama 67, za kopo la watoto wachanga kama 66, za ng'ombe kama 63. Tofauti iko kwenye protini.

Kwa mtoto wa chini ya miezi sita ninapanga hivi. Ya kwanza ni maziwa ya mama, protini kama gramu 1.1 kwa mililita 100, na hayana bei. Yakikosekana, kopo la hatua ya kwanza, gramu 1.3 hivi. Ya ng'ombe, gramu 3.3, ni ya mwisho kabisa, hata yakiwa yamekamuliwa leo asubuhi.

Chukua mtoto wa miezi mitatu, kilo 5, anayekunywa mililita 750 kwa siku. Kwa maziwa ya mama anapata protini gramu 8. Kwa ya ng'ombe anapata 25. Ziada hiyo mwili huivunja, na takataka zake hutoka kwa mkojo, kwa hiyo figo changa zinadai maji mengi. Joto la Tanga likipanda, au akiharisha, anakauka upesi. Tena maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo, na yanaweza kuvujisha damu kidogo kidogo utumboni.

"Basi changanya na maji nusu kwa nusu," bibi atasema. Protini inashuka hadi 1.6, sawa. Lakini nishati inashuka nayo: siku nzima kilokalori kama 240 badala ya 500. Kuziba pengo hilo kwa sukari kunataka gramu 65, vijiko vya chai kama kumi na sita!

Kopo nalo huharibiwa vivyo hivyo na anayelinyoosha lifike mwisho wa mwezi. Likiandikwa kijiko kimoja kwa mililita 30 nawe ukaweka 60, umempa mtoto nusu ya chakula. Atashiba maji, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki utalala.

Dukani, geuza kopo usome jedwali la gramu 100 za unga. Yote mawili yataonyesha kilokalori kama 500. Maziwa ya watoto wachanga yatasoma protini gramu 10 hadi 11. Ya kawaida yatasoma kama 25. Ukiona 25, rudisha rafuni, au nunua ya chai yako.