Kikapu cha mifuko ya mkate kutoka Ngamiani: uzoefu wangu baada ya kukitumia

Kikapu nilichonunua kwa kikundi cha akina mama wa Ngamiani, hapa Tanga, kimeshapita mwaka kikienda nami sokoni Mgandini. Kinabeba viazi, nazi, vitunguu na unga, na mpaka leo hakijakatika mahali. Nilikilipia shilingi 18,000. Majirani huniuliza kwa nini nitoe hela hiyo kwa kitu kilichotokana na takataka, wakati kikapu cha ukindu kinapatikana kwa bei ya chini. Siku nilipokwenda kuagiza nilikaa nao barazani nikaiona kazi yenyewe tangu beseni la kuoshea, kwa hiyo naweza kueleza hela ile inakwenda wapi.

Zamani vikundi hivi vilitumia mifuko ya rambo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, lakini vifungashio vya viwandani viliruhusiwa kuendelea. Ndiyo maana kikapu changu karibu chote ni mifuko ya mkate. Akina mama huikusanya kwa majirani, kwenye migahawa ya chai na kwa wauza duka, na kwa kikapu cha ukubwa wa kati kama changu inatumika 80 hivi.

Si kila mfuko unafaa. Mama aliyekuwa akichambua aliufinya kila mmoja kiganjani na kuusikiliza. Ule unaolia kwa sauti kali, kama wa biskuti, aliuweka kando: hauvutiki, ukiuvuta unachanika mara moja. Ule ulio kimya na laini aliuvuta kidogo kwa vidole gumba viwili, ukarefuka kabla ya kukatika, akautia kwenye beseni. Uliokaa juani muda mrefu nao aliutupa, kwa sababu jua huila plastiki mpaka ikawa inamung'unyuka vipande vipande. Ukiuona umepauka na unapasuka bila kuvutika, huo umekwisha, hata ukioshwa namna gani.

Kuosha ndiko nilikotumia muda mwingi kutazama, kwa sababu niliwahi kununua pochi ya aina hii kwingine ikawa inanuka na kuvuta mende. Sababu niliijua pale barazani. Mfuko wa mkate una mshono chini, na makombo yenye mafuta hujificha pembeni mwa mshono huo. Ukiuosha ukiwa mzima, maji hayatoki vizuri, makombo yanabaki, na mfuko ukikunjwa na unyevu unaota ukungu. Mama hawa huukata mshono kwanza, mfuko ukawa wazi pande zote mbili, ndipo wakaugeuza ndani nje na kuusugua kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Maji ya moto sana hawayataki, yanaukunja mfuko ukashindwa kulala sawa wakati wa kukata. Wanasuuza mara mbili, kisha wanaianika kambani kivulini, upepo upite katikati.

Pakiti za maziwa, ambazo wanasukia mikeka, zina utaratibu wake. Zinatakiwa zisuuzwe kwa maji baridi siku ileile zilipofunguliwa, kabla maziwa hayajakauka, kwa sababu ukianza na maji ya moto maziwa yanagandia humo humo. Zikishakauka huzifungia kwenye ndoo yenye mfuniko usiku kucha, na asubuhi kiongozi wao anafunua na kunusa. Zikinuka zinarudi kwenye sabuni. "Mwanangu, pua ya mteja haina subira," aliniambia, na mimi ni shahidi wake.

Kukata ni kazi ya mikono iliyotulia. Mfuko unalazwa, unakunjwa kwa urefu, kisha unakatwa kwa upana wa sentimita 3, zikatoka pete zilizo sawa. Pete moja inapitishwa ndani ya nyingine, inajirudia ndani yake yenyewe na kuvutwa polepole, zikashikana bila fundo kubwa. Ukivuta kwa pupa inakatika hapo hapo. Upana ukipishana, uzi unakuwa mnene huku na mwembamba kule, na kikapu kinatoka na matuta. Mzunguko wa uzi ukishakuwa mkubwa kama nazi, anaupokea mfumaji mwenye sindano nene ya kroshia, anaanzia kitako, anazunguka na kupanda.

Kasoro kubwa ya kroshia ya plastiki ni kurefuka. Ukiweka mzigo mzito, mikono ya kikapu inavutika mpaka kikapu kinagusa magoti. Kikundi hiki kimeitatua kwa kamba ya katani, ambayo Tanga si ya kutafuta. Kamba moja inapita upande huu, chini ya kitako, inapanda upande wa pili, ikawa ndiyo mikono. Uzito unakaa kwenye kamba, plastiki inashikilia vitu tu visimwagike. Ukienda kununua kwa kikundi chochote, geuza kikapu uangalie chini. Kama mikono imeshonwa ukingoni peke yake, mimi nisingekibebea zaidi ya mkate na mboga.

Sasa bei. Niliuliza, na mweka hazina hakunificha. Katika zile 18,000, kamba, kitambaa cha bitana na sabuni ni 3,000. Aliyeosha na kukata anapata 4,000. Mfumaji anapata 8,500 kwa kazi inayomchukua siku tatu akiichanganya na shughuli za nyumbani. Zinazobaki 2,500 zinaingia kwenye mfuko wa kikundi. Ukigawa 8,500 kwa siku tatu unaona kuwa si hela ya kumpunja mnunuzi. Nilipowakuta, mteja mmoja alikuwa akitaka kushushiwa bei ya kikapu kama changu mpaka 12,000. Wangekubali, 6,000 zingetoka kwa mfumaji, kwa kuwa kamba na bitana vimeshalipiwa dukani. Walimwonyesha kikapu kidogo cha 10,000 kisicho na bitana, akakichukua. Naona wamefanya vizuri kuliko kushusha bei.

Mauzo yao mengi ni ya kuagiza kwa simu na ya barazani. Wageni wanaopita kwenda Pangani au Mapango ya Amboni hununua vipochi vidogo. Wenyeji tunataka kikapu cha kazi, na malalamiko yangu ni kwamba hivyo vikubwa huwa havipo tayari. Nilisubiri changu zaidi ya walivyoahidi kwa sababu mifuko ya rangi niliyotaka ilikuwa haijatimia.

Katika matumizi, kinaoshwa kwa sabuni na kukauka upesi, jambo ambalo cha ukindu hakiwezi baada ya samaki kuchuruzika. Kiweke mbali na jiko la mkaa na sufuria iliyotoka motoni, maana kinayeyuka, na usikiache juani kutwa.

Mkeka wao sijaununua bado. Wanausuka kwa pakiti za maziwa zilizokatwa vipande vyembamba, wanatoa ukili kama wa ukindu na kuushona kwa shazia. Ukili wenyewe ni mzuri, lakini plastiki inateleza, na mkeka niliouona ulikuwa na nafasi kwenye maungio niliyoweza kupitisha kidole. Mama mwenye kazi alisema anajaribu kuusuka ukili mwembamba zaidi ili ukaze. Ukikaza nitauchukua, nimeshamwachia vipimo vya baraza langu.