Uzoefu wangu: kuzima "kumbukumbu" zinazonirudishia picha za marehemu kaka yangu

Hizi "kumbukumbu", yaani picha na posti za zamani ambazo simu inakuletea yenyewe bila kuombwa, sina nyota ya kuzipa. Kama sifuri ingeruhusiwa ningeweka sifuri, kisha nieleze kwa nini, maana hasira hii nimetembea nayo tangu mwezi wa nane.

Ilikuwa asubuhi, nimebanwa kwenye daladala ya Mbagala kwenda Kariakoo, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine simu. Simu ikatetemeka. Nikadhani ni ofisini wananitafuta. Kufungua, kaka yangu huyo hapo, amesimama kwenye pantoni ya Kigamboni, shati limejaa upepo, anacheka. Pembeni mwa picha yamewekwa mapambo ya rangirangi, na muziki wa furaha unajipiga wenyewe. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akainua macho akatazama, akatabasamu: "Huyo ndiye shemeji? Mashallah." Nikamwambia ahsante. Ningemjibu nini? Kaka alifariki kwa ajali ya bodaboda Agosti 2021, siku tano baada ya picha ile. Nilishuka Mtongani, mbali na ninakokwenda, nikasimama pembeni ya barabara mpaka nikaweza kupumua.

Nieleweke vizuri. Sitaki kumsahau kaka yangu. Picha zake ninazo karibu mia nne na sitaki hata moja ipotee. Ninachotaka ni kuamua mwenyewe saa ya kumtazama, niwe nimekaa, mlango umefungwa, si kwenye daladala na muziki wa sherehe. Hilo moja tu ndilo ninalolidai, na kulipata kumenichukua miezi.

Siku ileile jioni nilikwenda kwa fundi simu Kariakoo, duka lenye vioo na kiyoyozi, si kibanda. Sitalitaja. Kijana aliniangalia kama nimempotezea muda. Nikamweleza. Akasema, "Sasa dada, si ufute tu? Mtu ameshakufa, picha za nini?" Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaishika simu, ameshachagua picha za mwezi mzima na kubonyeza kufuta. Kisha akataka elfu kumi.

Mikono ilinitetemeka. Na hapa niseme jambo ambalo lingeniokoa machozi ya usiku ule. Programu ya picha iliyounganishwa na akaunti yako ya mtandaoni ukifuta picha kwenye simu, inafutika na kule kwenye akaunti. Haibaki nakala popote kwa sababu tu "zilikuwa zimehifadhiwa". Lakini haziondoki papo hapo. Kuna pipa la takataka ndani ya programu hiyohiyo, linaandikwa `Trash` au `Bin` au `Recently Deleted`, na picha hukaa humo siku 30 au 60 kutegemea programu. Nilizikuta zote. Nikazirudisha moja moja, nikihesabu. Kwa hiyo fundi akikuambia kufuta ndiyo njia ya kuzima kumbukumbu, chukua simu yako uondoke. Kuficha na kufuta ni vitu viwili tofauti, na mtu anayelipwa kushika simu za watu alipaswa kulijua hilo.

Basi nikaamua kufanya mwenyewe. Kwenye mtandao wa kijamii, Facebook, niliingia kwenye ukurasa wa `Memories`, nikagusa alama ya mipangilio, na humo nikakuta sehemu tatu: `Notifications`, `Hide People` na `Hide Dates`. Nilifurahi kweli. Nikaona kumbe walifikiria watu kama mimi. Nikagusa `Hide Dates`, nikaweka kuanzia tarehe 1 Agosti mpaka mwisho wa Septemba mwaka huu, nikahifadhi, nikalala.

Baada ya siku mbili ikaja nyingine. Mbaya kuliko ya kwanza. Ilikuwa posti yangu mwenyewe, ile niliyoandika usiku wa msiba kuwajulisha watu, na chini yake "Inna lillahi" zaidi ya mia. Simu inaniuliza kama ningependa kuwashirikisha marafiki kumbukumbu hii.

Nililia, kisha nikatukana, kisha nikampigia binti wa shangazi anayesoma chuo. Akacheka kidogo kwa upole, akasema, "Dada, umeweka tarehe za kukumbushwa. Wao wanataka tarehe za posti." Hapo ndipo nilipokosea, na naamini wengi wanakosea hapohapo. Ile tarehe unayoificha si siku ambayo hutaki kusumbuliwa. Ni siku ambayo kitu kiliwekwa zamani. Nilipaswa kuandika mwaka 2021. Mwaka huu nilioandika mimi ulikuwa hauna chochote cha kuficha, kwa hiyo mtambo ulinitii kikamilifu na haukunisaidia kitu. Hakuna sentensi hata moja pale kwenye ukurasa inayokwambia hivyo kwa lugha ya kueleweka.

Nikarekebisha. Nikaanza 1 Agosti 2021, ili zile picha za pantoni na wiki ya mwisho ziingie, nikaishia 5 Oktoba 2021. Kwa nini Oktoba? Kwa sababu arobaini yake iliangukia mwishoni mwa Septemba, na watu hawaposti siku ya tukio. Binamu huweka picha za khitma baada ya wiki, akipata bando. Ukificha siku ya mazishi peke yake, arobaini itakukuta. Acha nafasi mbele na nyuma. Na ile `Notifications` niliiweka `None`, ingawa nayo ina mpaka wake: inanyamazisha kengele tu, kumbukumbu zenyewe zinabaki palepale kwenye ukurasa wake ukiufungua.

Mwezi wa tisa ulipita kimya. Arobaini ikapita. Wakati ule ningekuwa naandika haya, ningewapa nyota tatu, hata nne.

Lakini wacha niseme hili kwanza, kwa sababu ndilo linalonikera zaidi. Hawa watu hawawezi kusema hawakujua. Desemba 2014, Eric Meyer, Mmarekani anayejulikana kwa kazi ya kubuni kurasa za wavuti, aliandika jinsi mtandao huohuo ulivyomletea picha ya binti yake kama muhtasari wa mwaka mzuri, picha imezungukwa na michoro ya watu wanaosherehekea. Binti huyo alikuwa na miaka 6 na alikuwa amefariki kwa saratani ya ubongo mwaka uleule. Hakutukana kama mimi. Aliomba mambo mawili mepesi: msimwonyeshe mtu picha kabla hamjajua anataka kuiona, na muulizeni kwanza kama anataka huduma yenyewe. Muulizeni kwanza. Ni miaka mingi sasa, na mimi nimeletewa kaka yangu na muziki, bila kuulizwa.

Tuendelee. Juzi tu, nikiamini nimemaliza, programu ya picha ya kwenye simu (si ule mtandao, hii ni nyingine na ina mipangilio yake peke yake) ikanitengenezea "kumbukumbu" ya mazishi. Jeneza limebebwa, wanaume wamejaa barabarani, kanzu na kofia. Na nilikuwa nimeshaficha tarehe humo pia! Nikarudi kukagua, tarehe zipo sawasawa. Nikafungua maelezo ya picha yenyewe, nikaona: Novemba 2021. Nikaelewa. Picha zile hazikupigwa na simu yangu. Shangazi alizituma kwenye kundi la familia la WhatsApp miezi karibu mitatu baada ya msiba, alipopata simu mpya. Picha ikipita WhatsApp haiji na tarehe yake ya kupigwa, inakuja na tarehe ya kukufikia. Hata jina la faili linaonyesha, huanza hivi: `IMG-202111`, yaani mwaka na mwezi ulioipokea. Na nani kati yetu hapa Dar ana picha za msiba asizozipata kwenye kundi? Zote zinapita huko. Kwa hiyo kuficha tarehe kunakamata nusu tu. Nusu nyingine inabidi uitafute kwa kufungua maelezo ya picha na kuona simu inaamini ni ya lini.

Nikasema basi nifiche mtu. Programu hiyo inakusanya nyuso, unachagua uso, unasema usiniletee huyu. Imefanya kazi. Lakini jeneza halina uso. Ile picha iliyonikata pumzi ndiyo pekee ambayo njia hii haiwezi kuikamata, nikalazimika kuigusa yenyewe na kuondoa kumbukumbu ile peke yake. Kwenye mtandao wa kijamii nako `Hide People` inategemea kama alitagiwa. Kaka hakuwa mtu wa kutagiwa, kwa hiyo huko imenisaidia kidogo sana. Na kwenye ile programu ya picha imechukua zaidi ya nilichotaka: kuna picha ya Idd moja, mama yupo katikati, kaka kulia, mimi kushoto. Nimeificha sura ya kaka, na kumbukumbu za mama za Idd ile zimeondoka nayo.

Nilishusha nyota zote. Nikaandika mistari mikali, nikaifuta.

Kisha Ijumaa nilikwenda kwa mama Mbagala. Baada ya chakula aliniambia, "Mwanangu, nionyeshe ile ya pantoni." Moyo ulinipasuka, nikidhani kwa kuficha huku nimeipoteza. Nikafungua picha, nikashuka kwa mkono mpaka 2021, Agosti. Ipo. Zote mia nne zipo, hakuna iliyoguswa, hazinijii tu zenyewe. Mama aliishika simu kwa mikono miwili. Tulikaa nayo mpaka magharibi ikaadhiniwa, bila muziki wa mtu yeyote.

Kwa hiyo naweka nyota mbili. Sijui kama zitakaa. Kaka alioa Desemba 2019, na picha za harusi yake nimeziacha wazi, sijaficha tarehe. Nimeifungua ile sehemu mara tatu wiki hii, nikaandika tarehe, nikatoka bila kubonyeza `Save`.