Uzoefu wangu na MST: miezi nane ya kugawa VLAN kwenye aplinki mbili

Naandika hii kwa wale wanaosimamia mtandao wenye swichi kuu mbili, alafu kila jengo lina swichi yake yenye faiba mbili, moja inaenda kwa kuu A na nyingine kwa kuu B. Mimi nasimamia wa chuo, majengo sita, kila faiba ni gigabiti moja. Kabla ya MST tulikua na RSTP ya kawaida, yaani mti mmoja kwa VLAN zote, hivo kila jengo faiba ya kwenda A ndo inabeba kila kitu na ya B imefungwa inasubiri tu. Jioni wanafunzi wakirudi hosteli ile ya A inajaa, paketi zinaanguka, na pembeni yake kuna faiba nzima ya gigabiti inasoma sifuri. Iliniuma sana kwa kweli, maana faiba ile ililipiwa.

MST inachofanya ni kwamba unazipanga VLAN kwenye makundi, yanaitwa instansi, na kila instansi inakua na mti wake na swichi mzizi wake. Kwa hiyo kundi la kwanza mzizi wake ni A, la pili mzizi wake ni B, na kwenye swichi ya jengo faiba ya A inafungwa kwa kundi la pili tu, ya B inafungwa kwa kundi la kwanza tu. Zote mbili zinafanya kazi, na moja ikikatika nyingine inabeba wote. Ukiwa na aplinki mbili instansi mbili zinatosha, nimeona watu wanatengeneza kumi na haiwasaidii chochote maana njia ni zile zile mbili.

Konfigi yangu kwenye kuu A ilianza hivi:

```
spanning-tree mst configuration
 name CHUO
 revision 1
 instance 1 vlan 10,20,50
 instance 2 vlan 30,40
spanning-tree mst 0-1 priority 4096
spanning-tree mst 2 priority 8192
spanning-tree mode mst
```

Kuu B ni hivo hivo ila namba za priority zimegeuzwa, 8192 kwa 0-1 na 4096 kwa 2. Swichi za majengo haziwekewi priority, zinawekewa jina, revision na mgao ule ule wa VLAN. Kwenye kugawa usihesabu idadi ya VLAN, angalia mzigo. Kwangu 30 ni waifai ya wanafunzi na 40 ni kamera, hizo mbili peke yake zinazidi ofisi, maabara na simu zikiwekwa pamoja. Na MST haipimi trafiki, ukishagawa imegawa, mzigo ukihama ni wewe wa kugawa upya. Kingine ni getiwei: VLAN ambayo mzizi wake ni B hakikisha VRRP yake nayo inaishi B, la sivyo trafiki inapanda B alafu inavuka kwenda A kupitia ule unganisho wa katikati, umehamisha msongamano tu.

Wiki sita za kwanza nilifurahi mno. Alafu malalamiko ya waifai jioni yakarudi. Hamna kilichozimika, hamna alamu, kila taa ni kijani. Nikaenda kuangalia grafu nikakuta faiba zote za B zimelala tena kama zamani, majengo yote sita. Nikaingia kwenye swichi ya hosteli nikapiga `show spanning-tree mst 2`, nikaona poti ya kwenda A imeandikwa `Mstr FWD`, ya B `Altn BLK`, na mwisho wa mstari `P2p Bound(RSTP)`. Hilo neno `Bound` ndo jibu lenyewe. Maana yake swichi ya hosteli inaona aliye upande wa pili hayumo kwenye ukanda wake.

Ukanda ni zile swichi zinazokubaliana vitu vitatu: jina, namba ya revision na mgao wa VLAN. Jina linatofautisha herufi kubwa na ndogo, `Chuo` na `CHUO` ni kanda mbili. Mgao wenyewe hausafirishwi kwenye BPDU, kinachotumwa ni alama ya baiti 16 iliyokokotolewa kutoka kwenye jedwali lote la VLAN, ikitofautiana hata kidogo basi nyie sio ukanda mmoja. Na mpakani mwa ukanda instansi zote zinafuata ule mti wa pamoja wa instansi 0, ambao kwangu mzizi wake ni A, ndo maana kila kitu kikarudi A. Mtandao haukatiki, mgao wako ndo unakufa kimya kimya.

Kilichotokea ni kwamba mwenzangu alifungua VLAN 60 ya mashine za alama za vidole, akaiongeza instansi 2 kwenye kuu A na B, majengoni hakuiweka kwa sababu jengo moja tu ndo lilikua linaihitaji. Kuiunda VLAN peke yake hakuharibu kitu, ingekaa instansi 0 na maisha yakaendelea, ila kuiweka kwenye mgao kulibadilisha ile alama. Unaipata kwa `show spanning-tree mst configuration digest`, linganisha swichi moja moja. Ukiona inaanza na `0xAC36177F` jua swichi hiyo haina mgao wowote, VLAN zote ziko 0. Na revision haipandi yenyewe, hata alama zikitofautiana bado itasoma 1 kote, usiitegemee.

Nilichofanya baada ya hapo ni kugawa VLAN ambazo hazipo bado. Saivi instansi 1 ina 10-29 na 50-59 pamoja na 100-199, instansi 2 ina 30-49, 60-69 na 200-299. VLAN mpya inachukua namba iliyoshapangwa, hamna tena kugusa mgao. Kazi hiyo niliifanya usiku, nikaanza majengoni nikamalizia kuu, maana kila ukibadili mgao miti inajipanga upya na katikati ya zoezi kila kitu kinapita A.

Shida ya pili ilikua kamera za maktaba, zilizima zote wakati `show spanning-tree mst 2` inaonyesha kila kitu safi. Mtu alitoa VLAN 40 kwenye trunki ya kwenda B ili kupunguza brodkasti. Sasa instansi 2 inapita B, na B 40 hairuhusiwi, A inaruhusiwa lakini imefungwa kwa instansi hiyo, kwa hiyo haina pa kupita. MST haiangalii VLAN moja moja, inaangalia kundi. Angalia sehemu ya mwisho kabisa ya `show interfaces trunk`, VLAN isipokuwepo kwenye aplinki yoyote ndo hiyo. VLAN za kundi moja ziruhusu zote kwenye trunki zote mbili.

Kama swichi zako kuu zinaweza kuunganishwa zikawa kama moja, fanya hivo na ufunge faiba mbili kwa LACP, utapata mgao mzuri kuliko huu, MST ibaki ya kuzuia lupu. Zangu haziwezi, na kwa hali hiyo nairudia MST bila kusita, jioni faiba ya A inasoma karibu 300 Mbps na ya B karibu 600. Imebaki swichi moja ya zamani ya karakana inayojua RSTP tu, hiyo iko nje ya ukanda na VLAN zake zote zinapanda A, watumiaji wake ni 12 nimeiacha hivo mpaka bajeti ijayo.