Uzoefu wangu: kukaguliwa mwendelezo wa kitabu cha pili cha trilojia

Nililipa shilingi 900,000 kwa msomaji mmoja wa Kampala anayekagua mwendelezo tu, yaani kama mambo ya hadithi hayagongani. Hagusi tahajia wala hapambi sentensi. Mswada ulikuwa na maneno 94,000, akasoma na kitabu cha kwanza kilichokwisha kuchapwa, na kazi ikachukua wiki nne. Nilichopokea ni jedwali moja refu na barua ya kurasa kumi na moja. Nampa nne kwa tano, na hiyo moja niliyomkata nitaieleza.

Kabla ya kuanza alitaka vitu vitatu. Cha kwanza ni nakala iliyochapwa ya kitabu cha kwanza, wala si faili la mwandishi. Nilidhani ni ukaidi, kumbe ana sababu: kwenye prufu ya mwisho kovu la mhusika wangu Kizza lilihamishwa kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, na faili langu halina habari hiyo. Mnunuzi anayo nakala ya dukani, na ile haibadiliki tena, kwa hiyo kila mgongano lazima utatuliwe ndani ya kitabu cha pili. Cha pili ni orodha ya mambo ambayo kitabu cha tatu kitayategemea, ili asishauri yafutwe. Cha tatu ni orodha ya uongo wa makusudi, yaani mahali mhusika anadanganya na mwandishi anajua. Hii ya tatu niliipuuza. Matokeo yake hoja sita kati ya hamsini na mbili zilikuwa za bure, maana Nakato, dada yake Kizza, anaposema baba yao kazikwa Mukono anadanganya, na mkaguzi akaandika "kitabu cha kwanza kinasema Iganga".

Jedwali lina safu tano: sura, siku, waliopo, nani amejua nini, na vitu vilivyo mwilini au mikononi. Safu ya nne ndiyo iliyolipa pesa yangu. Katika sura ya 17 Kizza anakataa kumpa mkono Mukasa, lakini kwamba Mukasa ndiye aliyewauza anaambiwa sura ya 22. Nimeisoma sura ile mara nyingi bila kuliona, kwa sababu mimi mwandishi nilikuwa najua tayari. Chanzo chake ni uhamishaji: kwenye rasimu ya pili tukio la mkono lilikuwa baada ya ufichuzi, nikalipandisha juu ili mwendo uchangamke, na chuki ikapanda nalo. Pendekezo lake halikuwa kufuta tukio. Kizza aupokee mkono, tena kwa furaha, ili sura ya 22 imuume zaidi. Marekebisho yalikuwa aya mbili.

Mengine ni ya kuijua nchi, na hapa msomaji wa mbali asingefua dafu. Kizza ana dada mapacha wakubwa, Babirye na Nakato, na jina lake lenyewe linatangaza kwamba amewafuata mapacha. Sura ya 9 inamfanya aseme "mimi ndiye kifungua mimba wa mama". Msomaji Muganda angekifunga kitabu hapo hapo. Kisha pesa. Hadithi ya kitabu cha kwanza inatokea mwaka 1986, na baiskeli inanunuliwa kwa 600,000. Katika kitabu cha pili, mwaka 1988, inauzwa kwa 450,000 na Kizza analia kwamba amepata hasara. Lakini Mei 1987 shilingi ilibadilishwa: mia za zamani zikawa moja mpya, na juu yake serikali ikakata asilimia 30 wakati wa kubadilisha. Zile 450,000 mpya ni sawa na milioni 45 za zamani. Hata kwa mfumuko wa bei wa miaka ile, Kizza alipaswa kucheka.

Kuhusu wahusika kupotoka, mkaguzi anatumia njia moja ambayo nimeiiba. Anatoa matukio yote ya mhusika mmoja kutoka vitabu vyote viwili na kuyasoma mfululizo, bila kitu kingine katikati. Kila tukio analiuliza: anataka nini, anakwepa nini, anaombaje? Mabadiliko yenye tukio lililoyasababisha anayaacha, hayo ni kukua. Yasiyo na tukio nyuma yake anayawekea alama.

Nakato ndiye aliyeumbuka. Katika kitabu cha kwanza haombi kitu moja kwa moja. Akitaka chumvi anauliza kama mvua imefika sokoni. Kuanzia sura ya 5 ya kitabu cha pili anahutubia, anafafanua siasa, anawapanga watu kazi. Nilijitetea kwamba msiba umemkomaza. Barua ya mkaguzi ikajibu kwa kuziweka bega kwa bega sentensi nne za Nakato na nne za mzee Balikowa, aliyekufa mwishoni mwa kitabu cha kwanza. Zilikuwa za mtu mmoja. Balikowa ndiye aliyekuwa akimweleza msomaji mambo. Alipokufa, kazi ile ikabaki bila mtu, nami nikamvisha Nakato bila kujua. Kwa hiyo mhusika mfafanuzi akifa kati ya vitabu, nenda moja kwa moja kwa yule anayezungumza zaidi kuliko zamani. Maelezo mengine niliyahamishia kwa mhusika mpya, fundi redio, na Nakato akarudi kwenye mvua yake.

Kizza naye alipotoka kwa lugha. Ni mtoto wa Jinja, Kiswahili alikiokota karibu na kambi ya jeshi, na katika kitabu cha kwanza anasema "mimi hapana jua yeye". Katika cha pili anasema "simfahamu hata kidogo", kama mtangazaji. Kosa hili halikutoka kwangu, lilitoka kwa mhariri wa lugha niliyempa mswada mapema mno, akasanifisha kila kitu pamoja na maneno yaliyo ndani ya alama za usemi. Ukaguzi wa mwendelezo utangulie, na mhariri wa lugha apewe karatasi moja inayosema nani huvunja sarufi na anaivunjaje.

Sasa ile moja niliyomkata. Kitabu kina nyuzi mbili zinazopishana sura kwa sura: Kizza yuko visiwani, Nakato yuko Kampala na mimba changa. Zote zinaanza Pasaka na zinakutana sura ya 26, Nakato akiwa na miezi saba. Katika safu ya siku mkaguzi alijumlisha kila "wiki mbili baadaye" kwa mpangilio wa kurasa, kana kwamba ni uzi mmoja. Jumla ikatoka kama miezi saba, mimba ikaonekana sawa, akapita. Ukizitenga nyuzi, ya Nakato ni miezi sita na ya Kizza ni wiki nne tu. Yaani kaka mtu ametoka mwezi mmoja na kumkuta dada yake na tumbo la miezi saba, wala hashangai.

Dawa yake ni kuigawa safu ya siku kuwa mbili, kila moja ikifungwa kwenye tarehe ya kweli. Pasaka ya 1988 ilikuwa 3 Aprili, kwa hiyo sura ya 26 inaangukia mwanzoni mwa Oktoba, na kukaa kwa Kizza kisiwani nikakurefusha hadi hapo. Tarehe hiyo ikaibua kosa jingine ambalo sote wawili hatukuliona: sura ya 26 nzima imejaa vumbi na jua kali, wakati Oktoba kusini mwa nchi ni mvua za vuli.