Kompyuta mpakato kwa mhasibu mwenye faili kubwa za Excel: ipi ichukuliwe kwanza, ipi iachwe

Kwenye kompyuta mpakato, vitufe vya namba na skrini ni vitu utakavyokaa navyo mpaka siku utakapoiuza mashine. RAM huongezeka, lakini kwa baadhi ya mashine tu. Hifadhi ya SSD mara nyingi hubadilishwa kwa bisibisi na nusu saa ya kazi. Kwa hiyo mpangilio huu hauanzi na prosesa, ingawa ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Unaanza na visivyobadilika.

Pima kazi yako kwanza

RAM haikadiriwi kwa kuangalia ukubwa wa faili kwenye diski. Faili ya .xlsx kwa ndani ni kifurushi kilichobanwa kama zip. Ikifunguliwa hutanuka, na fomula, PivotTable na data iliyopakiwa kwa Power Query vinachukua nafasi juu yake. Faili mbili za MB 40 zinaweza kutofautiana sana kwenye matumizi ya RAM.

Njia ya uhakika ni kupima kwenye kompyuta unayotumia sasa. Chagua siku nzito, kwa mfano ya kufunga mwezi. Fungua kila kitu unachokuwa nacho wazi siku hiyo: leja kuu, faili ya kulinganisha na taarifa ya benki, programu ya uhasibu, barua pepe na kurasa za kivinjari. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, nenda Performance, kisha Memory. Sasa rudi Excel, ufanye lile tendo linalokuchelewesha kuliko yote, kama Refresh All, huku ukiangalia namba iliyoandikwa Committed.

Wengi husoma In use, na hapo ndipo wanapopotea. In use haiwezi kuzidi RAM iliyomo, kwa hiyo mashine ya GB 8 itakuonyesha 7 na kitu hata kama kazi inadai mara mbili ya hapo. Committed huhesabu pia kilichosukumwa kwenye diski au kinachoweza kusukumwa huko. Kwa hiyo huwa juu kidogo ya mahitaji halisi, na kwa mnunuzi huo ni upande salama wa kukosea.

Tuchukue mfano. Leja ina mistari 300,000 na safu 24, yaani seli milioni 7.2, na safu sita kati ya hizo ni fomula za kutafuta kwenye jedwali la akaunti. Tuseme kabla ya Refresh All Committed inasoma GB 8.9, na wakati wa Refresh All inapanda hadi 11.6. Mashine ya GB 8 hapo inaishi kwa diski, na ndiyo sababu Excel inaandika Not Responding. GB 16 inatosha na inabakiza nafasi. GB 32 ina maana pale kipimo kinapokaribia 14, au data inapokua kila mwaka bila kuhamishwa kwenye faili nyingine. Kumbuka pia kwamba michoro ya skrini, kwenye mashine isiyo na kadi yake ya picha, hukopa sehemu ya RAM hiyohiyo.

Kuna mtego mmoja unaowafanya watu walaumu mashine mpya bure. Fungua File, Account, About Excel, usome mstari wa juu. Ukiona 32-bit, Excel hiyo haiwezi kutumia zaidi ya GB 2 hadi 4 hata ukiipa kompyuta ya GB 64. Italalamika kwamba kumbukumbu haitoshi ilhali Task Manager inaonyesha nafasi tele. Dawa ni kuweka toleo la 64-bit. Kabla ya kuhama, jaribu makro zako za zamani, kwa sababu zile zenye tamko la Declare bila neno PtrSafe hugoma.

Vitufe vya namba vyenyewe

Kuwepo kwa vitufe vya namba hakutoshi, kwani vimo vya namna tatu. Namna bora ina safu nne zenye upana sawa na vitufe vya herufi: 0 ni pana, Enter na + ni virefu upande wa kulia, na 5 ina kinundu cha kidole. Namna ya pili ina safu nne zilizobanwa, kila kitufe kikiwa chembamba kuliko cha herufi. Mtu huizoea, ila wiki za mwanzo 4 na 5 huingiliana. Namna ya tatu ina safu tatu tu: + na − zimehamishiwa juu, na Enter haipo pale kidole kidogo kinapoitarajia. Kwa anayeingiza ankara mamia bila kutazama mkono, hiyo ya tatu ni sawa na kutokuwa na vitufe.

Tazama pia mishale. Kwenye mashine nyingi mshale wa kulia umesukumwa chini ya 0 au kubanwa nusu kimo, na mhasibu anayetembea kwenye seli kwa mishale ataandika sifuri asizozikusudia. Angalia kama NumLock ina taa. Isipokuwepo, utagundua imezimika pale kishale kinaporuka seli badala ya kuandika 8.

Vitufe vya namba vinavyowaka juu ya padi ya kugusa, kama NumberPad ya ASUS, vinafaa kwa namba moja moja. Havina kinundu wala mbonyeo, kwa hiyo jicho linalazimika kushuka kila mara.

Skrini: hesabu mistari

Inchi hazisemi unaona mistari mingapi. Mstari wa kawaida wa Excel, kwa ukuzaji wa asilimia 100, una kimo cha pikseli 20. Utepe wa juu, upau wa fomula, majina ya laha na upau wa Windows kwa pamoja hula pikseli 300 hivi. Kinachobaki ndicho chako.

Skrini ya 1366×768 inakupa mistari kama 23. Ya 1920×1080 inakupa 39, na ya 1920×1200, yenye uwiano wa 16:10, inakupa 45. Lakini Windows kwenye kompyuta mpakato mara nyingi hujiwekea ukuzaji wa asilimia 125 chini ya Settings, System, Display, Scale, na hapo 39 inashuka hadi 28, na 45 hadi 33. Ukuzaji huo huo ndio unaofanya skrini ya 2560×1600 isikupe mistari mingi kama jina lake linavyodai: kwa asilimia 150 unabaki na 38 hivi, herufi zikiwa kali zaidi. Unalipia macho, na hilo si jambo dogo kwa mtu wa saa nane kwa siku, ila usitarajie leja nzima kwenye kioo kimoja. Ctrl+F1 huficha utepe na kukurudishia mistari kadhaa bila gharama.

Mpangilio

*Nafasi ya kwanza: inchi 16, uwiano wa 16:10, vitufe vya namba vya safu nne, RAM GB 16 yenye sloti.* Hizi hupatikana zaidi kwenye mikondo ya mashine za ofisi. ThinkPad E16 ya Lenovo ni mfano wa umbo hilo. Uliza RAM imekaaje. Ukipata kipande kimoja cha GB 16 na sloti moja tupu, umepata njia rahisi ya kufika GB 32 baadaye. Vipande viwili vya GB 8 vina kasi zaidi kidogo leo, ila siku ya kuongeza utavitupa. Ikiwa maelezo yanasema LPDDR5, RAM hiyo kwa kawaida imelehemiwa kwenye ubao mama na haiongezeki, basi chukua ukubwa wa mwisho unaouhitaji siku hiyohiyo.

*Ya pili: inchi 14 yenye GB 16 au 32, pamoja na kibodi ndogo ya namba ya USB na monita ya inchi 24 au 27.* Kwa mwenye meza ya kudumu hii inaweza kupanda hadi nafasi ya kwanza. Leja inakaa kwenye monita, taarifa ya benki kwenye kioo cha mashine. Kibodi ya namba iliyo peke yake ina faida isiyosemwa sana: unaweza kuiweka kushoto na kubaki na mausi mkono wa kulia. Hakikisha tundu la USB-C linatoa picha, maana si yote yanayotoa. Inashuka hadi hapa kwa sababu mkaguzi wa safari atasahau kimojawapo ofisini.

*Ya tatu: inchi 15.6 ya 1920×1080 yenye vitufe vya namba, mfano wa HP ProBook 450, hata iliyotumika.* Mashine ya ofisi iliyotumika, yenye sloti mbili za RAM, humshinda mpya wa bei hiyohiyo mwenye GB 8 zilizolehemiwa. Pima betri na kila kitufe cha namba, hasa Enter na 0 ambavyo huchoka mapema.

*Ya nne: mashine ya gemu.* Prosesa ina nguvu, vitufe vya namba mara nyingi vimo na RAM huongezeka. Unalipia kadi ya picha ambayo fomula za Excel haziigusi, na unabeba chaja nzito.

*Ya tano: inchi 16 za kifahari zisizo na vitufe vya namba.* MacBook Pro ya inchi 16 imo humu, pande za kibodi zikiwa na spika. Ni mashine nzuri, lakini Excel ya Mac haina Power Pivot, na njia za mkato za Alt ulizozishika kwa vidole hazifanyi kazi vilevile.

Prosesa? Kwa yote haya, Core i5 au Ryzen 5 ya miaka ya karibuni inatosha. Excel hugawa hesabu za fomula kwa viini vingi, lakini makro ya VBA hukimbia kwenye kimoja, kwa hiyo idadi ya viini pekee isikutishe. Core i5-1335U ina viini 10, ila 2 tu ndivyo vya kasi, ilhali i5-13420H ina 8 na kati yake 4 ni vya kasi. Mashine zenye prosesa ya Snapdragon, ambayo ni ya aina ya ARM, ziache mpaka uhakikishe printa yako ina kiendeshaji cha ARM na programu yako ya uhasibu inafanya kazi humo.

Ya kuacha kabisa ni ile yenye 1366×768, au GB 8 zisizoongezeka, hata kama vitufe vya namba ni vizuri.

Dukani, kabla ya kulipa

Fungua Excel, bonyeza Ctrl+Home, soma namba ya mstari wa mwisho unaoonekana bila kukaza macho. Andika safu ya namba kwa dakika mbili ukiangalia karatasi, kisha uilinganishe na karatasi hiyo. Ingia Task Manager, Memory, usome Slots used: 1 of 2 ndiyo unayoitafuta. Kwenye mashine zenye RAM iliyolehemiwa namba hiyo wakati mwingine hudanganya, kwa hiyo thibitisha kwa maelezo ya mtengenezaji ya modeli kamili iliyoandikwa chini ya mashine, si jina la mkondo tu.